Jua Lisifike Kwenye Kioo: Namna ya Kuchora Ofisi ya Dar es Salaam Inayopoa Yenyewe

Ukipita katikati ya Dar es Salaam mnamo saa 10 jioni, inua macho utazame madirisha ya majengo ya ofisi yanayoelekea magharibi. Utaona karatasi za kaki, magazeti, maboksi yaliyofunuliwa na mapazia mazito, vyote vimebandikwa kwa ndani kwenye vioo virefu. Mwenye jengo alilipia kioo kutoka sakafuni hadi darini ili mwanga uingie na bahari ionekane. Waliomo ndani wamekiziba, wamewasha taa mchana kweupe, na juu ya vichwa vyao kiyoyozi kinanguruma kikiwa kimewekwa nyuzi 18. Uniti za LUKU zinaliwa mara tatu hapo: kiyoyozi kinapigana na joto la kioo, taa zinawaka kwa kuwa kioo kimezibwa, na kiyoyozi hichohicho kinaondoa joto linalotoka kwenye taa.

Chanzo chake si fundi wa viyoyozi wala wafanyakazi wasiojua kubana matumizi. Kilianzia kwenye karatasi, siku ilipoamuliwa jengo litazame wapi. Ndiyo maana nataka tuzungumzie mchoro kabla ya mashine, maana katika mji wa pwani kama Dar es Salaam sehemu kubwa ya kazi ya kupoza ofisi hufanywa na penseli ya msanifu majengo.

Tuanze na jambo ambalo wengi hulichukua kinyume. Tunasema Dar kuna joto, tukimaanisha hewa. Lakini hewa ya Dar, hata katika miezi mikali ya Desemba hadi Machi, mchana hufikia nyuzi 31 hadi 33 hivi kivulini. Mtu aliyezoea pwani akikaa chini ya mwembe kwa nyuzi hizo, upepo ukimpitia, anafanya kazi yake bila shida. Kinachoifanya ofisi ishindwe kukalika ni jua lenyewe: linapenya kwenye kioo, linagonga meza, sakafu na makabati, na hapo mwanga unageuka joto. Joto hilo la meza na sakafu halitoki tena kirahisi kupitia kioo kilekile. Linabaki na kujilimbikiza, na ndani panakuwa pa moto kuliko nje.

Kutokana na hapo unaelewa kwa nini pazia la ndani halisaidii sana. Jua likishagusa pazia, tayari limeshavuka kioo. Pazia linapata moto na kuutoa chumbani. Kivuli cha maana ni kile kinacholikuta jua nje, kabla halijafika kwenye kioo.

Sasa, jua la Dar es Salaam linapita wapi? Mji uko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mapema Machi na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa. Mwezi Juni linaegemea upande wa kaskazini, na adhuhuri huwa kwenye kimo cha kama nyuzi 60 kutoka upeo wa macho. Mwezi Desemba linahamia kusini, lakini kwa kuwa sisi wenyewe tuko kusini kidogo, linabaki juu zaidi, kama nyuzi 73. Kwa hiyo ukuta wa kaskazini na ukuta wa kusini, kila mmoja kwa msimu wake, hupigwa na jua lililo juu angani. Jua la juu ni rahisi kulizuia: ukitokeza ukingo wa zege au wa bati juu ya dirisha kama kofia, kivuli chake kinashuka na kulifunika dirisha.

Mashariki na magharibi mambo ni tofauti. Huko jua linakuja likiwa chini, limekutazama usoni. Saa 10 na nusu jioni, mwezi Machi, liko kwenye kimo cha nyuzi 30 tu. Ukitaka ukingo wa juu ulifunike dirisha la kimo cha mita 1.5 kwa saa hiyo, lazima utokeze mita 2.6, na saa moja baadaye hata huo hautoshi. Hakuna mtu anayejenga ukingo wa namna hiyo kila ghorofa. Mashariki kuna nafuu kidogo, kwa sababu jua la asubuhi linakuta jengo limepoa usiku. La magharibi linafika wakati hewa imeshachemka na watu wamechoka.

Hebu tuchukue kiwanja tukione kwa hesabu. Kiwanja ni cha mraba, mita 30 kwa 30, na barabara iko upande wa magharibi. Mwenye kiwanja anataka ofisi ya ghorofa tatu, kila ghorofa urefu wa mita 24 na upana wa mita 13, ya kutosha watu themanini hivi. Mazoea yetu ni kwamba jengo litazame barabara. Kwa hiyo upande mrefu wa mita 24 unawekwa magharibi, na kwa kuwa ndiyo sura ya jengo, unavikwa kioo cha kimo cha mita 2.5 kila ghorofa. Jumla ni mita za mraba 180 za kioo zinazotazama machweo.

Siku ya mbingu safi, jua la saa 10 jioni linaleta kama wati 600 kwenye kila mita moja ya mraba ya ukuta huo. Tuseme kioo kimetiwa rangi, ile tunayoita tinti, na kinapitisha nusu yake. Zinaingia ndani kama kilowati 54 za joto. Kiyoyozi cha BTU 18,000 kinaondoa kilowati 5.3 hivi. Hiyo ni sawa na viyoyozi kumi vinavyofanya kazi ya kupigana na ukuta mmoja, kabla hatujahesabu joto la watu, kompyuta, taa na paa.

Sasa lizungushe jengo hilohilo robo ya mzunguko. Upande mrefu unatazama kaskazini na kusini, na barabara inaona ubavu wa mita 13 tu. Weka ngazi, vyoo na stoo kwenye ubavu huo wa magharibi, vyumba ambavyo mtu hakai muda mrefu. Ukuta wa ngazi uwe wa matofali ya matundu, ili hewa ipite na jua livunjwevunjwe. Ubavu wa mashariki uwe ukuta wa tofali wenye madirisha machache madogo. Halafu weka madirisha ya kimo cha mita 1.5, kwa urefu wa mita 20, kila ghorofa, pande zote mbili za kaskazini na kusini. Ukijumlisha unapata mita za mraba 180. Kioo ni kilekile kwa kiasi.

Tofauti ni kwamba sasa kinaweza kufunikwa. Upande wa kaskazini, ukingo wa mita 1.2 juu ya dirisha unalikinga lote dhidi ya jua la Juni tangu saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Upande wa kusini, kwa kuwa jua la Desemba liko juu zaidi, mita 0.7 zinatosha kwa saa zilezile. Kabla na baada ya saa hizo jua linachungulia kwa mshazari kutoka pembeni, na hapo zinahitajika mbawa: vibao vya wima vya zege, mbao au alumini, vinavyosimama kando ya dirisha. Kioo kilicho kivulini hakikosi joto kabisa, maana anga lenyewe linang'aa na ardhi inaakisi, lakini ni kama wati 100 kwa mita ya mraba. Hata ukitumia kioo cheupe cha kawaida, kisicho na tinti, zinaingia kilowati 15 hivi. Kutoka 54 hadi 15, bila kununua kifaa chochote. Hesabu yangu ni ya mezani na haina makombo yote, lakini ukubwa wa pengo hauwezi kubadilishwa na makombo.

Kuna jambo dogo hapo ambalo mafundi wengi hulipuuza. Ukingo wa zege ukiunganishwa moja kwa moja na ukuta kwa urefu wote, hewa ya moto inayopanda kwenye uso wa ukuta inanaswa chini yake, na dirisha likifunguliwa inaingia ndani. Zege lenyewe nalo linapigwa jua kutwa na kupeleka joto kwenye slabu ya chumbani. Dawa yake ni kuacha mwanya wa sentimita 10 au 15 kati ya ukingo na ukuta, ukingo ushikwe na mikono michache tu. Hewa ya moto inapita kwenye mwanya na kwenda zake. Mvua ndogo itapenya hapo, lakini si ya kufika ndani.

Wajerumani walipojenga ofisi zao za serikali pale Kivukoni mwishoni mwa karne ya 19, walizungushia majengo veranda pana pande zote. Hawakuwa na kiyoyozi cha kuwaokoa. Veranda ile ilikuwa kivuli cha ukuta mzima na si cha dirisha tu, na ilikuwa pia njia ya kupita. Ofisi ya leo haihitaji kuiga nguzo wala vigae vyake. Lakini korido ya nje upande wa kaskazini, yenye upana wa mita moja na nusu, inafanya kazi mbili kwa gharama ya moja, na ninashangaa jinsi tulivyoiacha haraka.

Baada ya kioo, paa. Hapa ndipo suala la kuhami joto linapokuja, na ndipo pesa nyingi zinapopotea kwa kunakili vitabu vya nchi za baridi. Kule wanavisha nyumba nzima sufi nene, kuta na sakafu, kwa sababu nje ni nyuzi sifuri na ndani wanataka ishirini. Kwetu tofauti kati ya hewa ya nje na ya ndani ni nyuzi tano au sita tu hata kiyoyozi kikiwaka. Ukuta wa tofali ulio kivulini hauna joto kubwa la kuzuia, na ukiuvisha sufi utapata faida ndogo. Lakini paa halina kivuli. Linapigwa na jua la utosini kutwa, na bati jeusi au lililopata kutu linaweza kufika nyuzi 70. Hapo tofauti si nyuzi tano tena bali ni arobaini. Kizuia joto cha Dar es Salaam kinakwenda paani, na kama zipo fedha za ziada, kwenye ukuta wa magharibi.

Mpangilio wake ni wa tabaka tatu. La kwanza ni rangi nyeupe juu ya bati au slabu, ambayo ikiwa mpya inarudisha kama asilimia 80 ya jua angani. La pili ni nafasi ya hewa chini ya bati, yenye matundu kwenye kingo za chini na kwenye mgongo wa paa, ili joto litoke badala ya kukaa. La tatu, juu ya siling bodi, ni sentimita 5 hadi 10 za sufi ya kioo au ya mawe, au yale mapovu meupe magumu yanayofungiwa televisheni kwenye katoni. Watu wengi hutumia karatasi ya alumini, na ni nzuri, ila ina sharti moja: upande wake unaong'aa lazima utazame nafasi tupu ya hewa, angalau sentimita 2 na nusu. Ikibanwa kati ya bati na mbao bila nafasi inapitisha joto kama chuma chochote. Ikilazwa ikitazama juu, vumbi linaifunika baada ya muda na mng'ao unakwisha, kwa hiyo ielekezwe chini.

Rangi nyeupe nayo ina maradhi yake. Pwani ina unyevu, na kuvu mweusi huota juu ya paa mvua za masika zikipita. Paa lililoonekana jeupe siku ya ufunguzi, baada ya miaka michache ni la kijivu, na kazi yake imepungua sana. Anayechora paa jeupe bila ngazi ya kupandia na bomba la maji huko juu amechora paa ambalo halitaoshwa. Dalili ya paa lililoshindwa ni rahisi kuipata: saa 9 alasiri panda kutoka ghorofa ya katikati hadi ya juu kabisa. Ukihisi umebadilishiwa mji, au ukinyoosha mkono karibu na siling bodi na kusikia joto linashuka kama kutoka kwenye jiko, tatizo ni paa na si idadi ya viyoyozi.

Sasa upepo, na hapa Dar es Salaam imebarikiwa. Pepo za kaskazi zinatoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba hadi Machi, wakati ule ule tunapouhitaji upepo zaidi. Kusi linavuma kutoka kusini na kusini mashariki katikati ya mwaka. Alasiri upepo wa bahari unaongezeka. Jengo tulilolizungusha kwa ajili ya jua, lenye madirisha kaskazini na kusini, limejikuta limefungua milango kwa pepo zote mbili. Si kila mji una bahati hiyo. Kwingine jua linataka jengo liende huku na upepo unataka liende kule.

Upepo haushushi joto la hewa, unampoza mtu. Hewa ikipita mwilini kwa mwendo wa mita moja kwa sekunde, mwendo wa kupeperusha karatasi kidogo mezani, mtu anahisi kama joto limepungua kwa nyuzi tatu. Kwa hiyo nyuzi 31 zinakaliwa kama 28. Lakini ili hewa ipite lazima iwe na pa kuingilia na pa kutokea. Chumba chenye madirisha pande mbili zinazotazamana kinaweza kupitisha upepo mpaka upana wa kama mara tano ya kimo cha dari. Dari yetu iko mita 3, basi kikomo ni mita 15, na jengo la mita 13 limo. Chumba chenye dirisha upande mmoja tu kinapumua kwa shida kikizidi mara mbili ya kimo chake, yaani mita 6.

Aina ya dirisha nayo inahesabika. Dirisha la alumini la kusukuma pembeni, ambalo ndilo limejaa mjini, halifunguki zaidi ya nusu yake hata ufanyeje. Dirisha la bawaba linafunguka lote. Luva za kioo, zile za vipande vinavyolala na kusimama, zinafunguka karibu zote na zinaweza kuachwa wazi mvua ikinyesha, hasa zikiwa chini ya ukingo mpana. Wavu wa mbu unapunguza upepo sana, na zaidi ukijaa vumbi. Dawa ni kuongeza eneo la dirisha na kuufanya wavu uwe wa kuchomoka ili uoshwe.

Siku ambazo upepo umelala, kazi inachukuliwa na pangaboi. Feni moja ya darini inatumia kama wati 70. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatumia wati 1,100 hivi kikiwa kinafanya kazi kwa nguvu. Kwa umeme wa kiyoyozi kimoja unaendesha feni kumi na tano. Ila feni haipozi chumba, inapoza ngozi, kwa hiyo feni inayozunguka kwenye chumba kisicho na mtu inakula umeme bure na hata kuongeza joto kidogo la mota yake.

Nilimsikia msanifu mmoja wa mjini akimwambia mteja wake, "Mzee, mimi nimekuchorea upepo. Usije ukaujengea ukuta." Alikuwa na sababu. Jengo linaweza kufunguliwa likiwa na vyumba vipana vinavyopumua, kisha mpangaji wa kwanza anakata ofisi za mameneja kwa kuta za jipsamu kutoka sakafuni hadi darini, zote upande wa madirisha ya kaskazini. Wafanyakazi wa katikati wanabaki bila hewa, mameneja wanabaki na dirisha la upande mmoja, na mwezi haupiti maombi ya viyoyozi yanafika. Kuta za ndani zikibidi, ziishie mita 2.1 na juu yake paachwe wazi au pawekwe luva. Sauti itapita, hilo ni kweli, na chumba cha mikutano ya siri kinahitaji kufungwa. Kifungwe hicho peke yake. Ukitaka kujua kama upepo unapita, washa ubani au ujiti wa udi karibu na dirisha la upande unakotoka upepo na uufuate moshi kwa macho. Ukipanda juu na kuzungukazunguka hapohapo, njia imezibwa mahali.

Tumekinga jua, je, mwanga? Hofu ya wengi ni kwamba ukingo wa mita 1.2 utafanya ofisi iwe giza. Lakini mwanga wa kusomea hautoki kwenye jua moja kwa moja. Unatoka kwenye anga, na anga la ukanda wetu linang'aa mno. Mezani mtu anahitaji mwanga wa luksi 300 hadi 500. Nje, hata siku ya mawingu, mara nyingi zipo zaidi ya luksi 10,000. Kinachohitajika ni sehemu ndogo tu ya huo, iliyotulia, isiyomulika skrini. Jua la moja kwa moja ndilo linaloharibu, kwa kuwa meza moja inawaka na ya pili inaonekana giza, na watu wanabandika karatasi za kaki.

Mwanga wa dirishani unafika ndani kama mara mbili ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Dirisha letu linaanzia sentimita 90 kutoka sakafuni na kuishia mita 2.4, kwa hiyo mwanga unafika mita 4.5 hadi 5 kila upande. Pande mbili zinafanya mita 9 au 10, na mita 3 za katikati zinabaki kwa njia ya kupita, mashine za kuchapa na makabati mafupi. Hapo ndipo upana wa mita 13 ulipotoka. Dari na upande wa chini wa ukingo zipakwe nyeupe, maana mwanga unaoakisiwa kutoka ardhini unagonga hapo kwanza. Meza zipangwe ili dirisha liwe ubavuni mwa mtu, lisiwe mbele yake wala mgongoni.

Kuna kosa la fundi umeme linaloweza kubatilisha yote hayo. Taa zikiunganishwa kwa mistari inayotoka dirishani kwenda katikati, swichi moja inawasha taa ya mahali penye giza pamoja na ya mahali penye mwanga. Aliye katikati akihitaji taa, za dirishani zinawaka pia, mwaka mzima. Mistari ya taa iende sambamba na madirisha, kila mstari na swichi yake. Waya ni uleule, unatofautiana kwa njia tu, na mchoro wa umeme lazima uoneshe hivyo kabla plasta haijapigwa.

Wasomaji wa Nairobi watauliza kuhusu jengo la Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira pale Gigiri, lililofunguliwa 2011 kwa ajili ya wafanyakazi 1,200, lenye ua wa ndani unaopitisha mwanga na hewa kutoka chini hadi paani. Na wapo wanaolijua jengo la Eastgate la Harare, lililochorwa na Mick Pearce na kukamilika 1996, ambalo usiku hupitisha hewa baridi kwenye zege lake ili zege lipoze watu mchana. Yote mawili ni ya kusomwa kwa makini, lakini hayahamishiki pwani kama yalivyo. Miji ile iko karibu mita 1,500 au zaidi juu ya bahari, na usiku wake ni wa baridi. Usiku wa Februari wa Dar es Salaam unakaa kwenye nyuzi 25 hivi, na unyevu umejaa. Zege halipati baridi ya kuweka akiba. Zege zito lililopigwa jua kutwa hapa linakuwa adui, linatoa joto mpaka usiku wa manane. Pwani inataka kivuli na upepo. Nyanda za juu zinaweza kuongeza zege na usiku.

Na pwani ina kikomo chake. Zipo alasiri za Februari na Machi ambazo kaskazi limelala, hewa ni nyuzi 33, na feni inasukuma unyevu tu. Kumwambia mtu wa mahesabu avumilie hapo ni kumwonea. Chumba cha seva hakiwezi kuishi bila kupozwa, na ukumbi wa mikutano wenye watu arobaini unahitaji msaada. Kwa hiyo ofisi nzuri ya Dar huchorwa kwa hali mbili: vyumba vinavyofunguka muda mwingi wa mwaka, na vinavyoweza kufungwa vizuri na kupozwa kwa wiki zile ngumu. Kiyoyozi kikiwekwa nyuzi 26 pamoja na pangaboi, watu wanahisi kama 23 au 24, na mashine inafanya kazi ndogo zaidi kuliko ikiwekwa 18 peke yake.

Hatari kubwa ya mtindo huo wa hali mbili ni maji. Katika msimu wa joto, hewa ya Dar huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 24 au pungufu. Chumba kilichopozwa hadi 18 usiku kucha, kikifunguliwa madirisha asubuhi, kuta na sakafu zake zinatokwa jasho. Jasho likijirudia, kuvu anaota nyuma ya makabati na kwenye pembe za dari, na harufu yake unaisikia kabla hujamwona. Ukikuta madoa meusi kwenye siling bodi karibu na mdomo wa kiyoyozi, au karatasi za printa zinajikunja asubuhi, chunguza kwanza kama madirisha yanafunguliwa mashine ikiwa inawaka. Swichi ndogo kwenye fremu ya dirisha, inayozima kiyoyozi dirisha likifunguliwa, inamaliza ubishi huo bila kuandika tangazo ukutani. Iwekwe kwenye orodha ya vifaa tangu zabuni, kwa sababu kuitafutia njia ya waya baada ya fremu kufungwa ni kazi ya kutoboa alumini upya.